Kazi ya saiti: gawa kwa siku zote, si za kazini tu

Wengi hapa Ghubra wanaulizia kazi za zamu kwenye visima vya mafuta vya Fahud na Marmul. Tuchukue mfano wa wiki 8 kazini, 4 nyumbani, riali 9 kwa siku, chakula na malazi ya kampi bure. Mtu anazidisha mara 30, anapata 270, anafurahi. Lakini zamu nzima ni siku 84, na zinazolipwa ni 56 tu: riali 504. Ukijilipia tiketi ya Dar, tuseme 150, zinabaki 354, yaani kama 126 kwa mwezi. Anayelipwa 200 mjini, akala na kulala kwa 70, anabaki na 130.

Wa saiti lakini anaona wanawe mara nne kwa mwaka. Kwa riali 4 hizo, sisi tungesema si ghali, mradi wiki za nyumbani zisile akiba.

Kampuni ikilipa tiketi, unafika 180. Basi kabla ya kusaini tazama mkataba: tiketi ni ya kila zamu? Inafika Dar, au inaishia Maskati? Ikiishia Maskati, wiki 4 hizo utazilipia kodi hapahapa Ghubra.