Mchango wa matibabu ukiulizwa kama mapato

Chukua mfano wa mwenye duka Boito aliyechangisha pesa za upasuaji wa mpwa wake kwa simu anayotumia dukani. Mwaka huo duka liliuza bidhaa za shilingi 640,000, nayo michango ikafika 480,000. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha jumla moja tu: 1,120,000. Mtu akiisoma bila maelezo ataona biashara iliyovuka shilingi milioni 1 kwa mwaka, kiwango ambacho kodi ya mauzo ghafi huanzia.

Kifungu cha 3 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinataja mapato yanayotozwa kodi, kama vile faida ya biashara, mshahara, kodi ya nyumba na riba. Zawadi ya majirani kwa mgonjwa si faida ya biashara. Hata hivyo, Mamlaka ya Ushuru (KRA) inaweza kuhesabu pesa zilizoingia kwenye akaunti na kuuliza zilikotoka. Chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, mlipa kodi ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Uthibitisho huo una sehemu mbili. Kwanza, pesa zilikotoka: kumbukumbu za kikao cha harambee au barua ya chifu, pamoja na orodha ya waliochanga yenye jina, tarehe, kiasi na nambari ya muamala. Pili, zilikokwenda: bili ya hospitali yenye jina la mgonjwa na risiti za malipo. Katika mfano huu, hospitali ililipwa 455,000, na 25,000 zikatumika kwa dawa na nauli ya kliniki. Hesabu inafunga kwa 480,000, na kila shilingi ina karatasi yake.

Tatizo huanza pale hesabu isipofunga. Kama 25,000 hizo zingenunua sukari na unga wa duka, ingekuwa vigumu kuzitenganisha na mauzo. Mchango uliotumwa na mteja mwenye deni dukani pia huzua swali: alichanga au alilipa deni? Naye mchangishaji akijilipa kwa kazi yake, malipo hayo ni mapato yake. Kwa hiyo ni heri kutumia laini au akaunti ya pekee kabla ya shilingi ya kwanza kuingia.

KRA ikishatoa makadirio ya kodi, mlipa kodi ana siku 30 kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, akieleza kiasi anachopinga na sababu, na kuambatisha stakabadhi hizo. Pingamizi likikataliwa, anaweza kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi ndani ya siku 30. Kumbukumbu za kodi huhifadhiwa miaka 5, hivyo bili na orodha ya wachangaji zisitupwe mgonjwa anapopona.