Machozi Yasubiri Dakika ya Nane

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma. Unasema filamu yako ya katuni ya dakika kumi inawaliza watu katikati, na mwisho ukifika wameshapoa. Mwisho wako mzuri. Kilichokosewa ni mgao wa dakika.

Majina ya wasanii yatakula nusu dakika, kwa hiyo hadithi ina tisa na nusu. Sehemu ya kwanza isizidi mbili, ya pili ichukue tano na ushei, ya tatu ipate zilizobaki.

Binti wa hadithi yako anataka kuingia baharini na ngalawa ya marehemu babake, mama amemkataza. Umetumia dakika tatu kuonyesha kijiji na machweo. Zipunguze, dada. Binti akishona tanga kwa siri, mama akificha kafi: hayo yanatosha. Dakika ya pili ikifika, ngalawa iwe imeshasukumwa majini, usiku, na kurudi kusiwe rahisi tena.

Dakika ya tano umeweka kumbukumbu ya usiku ambao baba hakurudi. Hapo ndipo machozi yanapoishia. Mahali hapo panataka furaha: tanga linajaa upepo, binti anacheka, nasi tunaipenda safari yake kabla haijaharibika. Mtazamaji aliyefurahi naye ataumia naye.

Dakika ya saba tanga linachanika. Binti anajaribu kulifunga, anashindwa, anaketi. Muziki uzime. Acha sekunde ishirini za maji yakigonga ubavu wa ngalawa, wala usiogope ukimya huo, kwa sababu ndio unaoandaa kilele.

Dakika ya nane taa inaonekana. Mama ameingia majini hadi kifuani, ameinyanyua juu. Sasa ndipo ulete kumbukumbu ile, kwa sekunde chache tu: mama yuleyule, taa ileile, usiku ule wa baba. Papo hapo tunaelewa kwa nini alikataza. Baada ya kukumbatiana, bakisha kama dakika moja tulivu, watu wapate kulia kabla majina hayajaanza kupanda.

Usianze kuchora mwendo kabla ya kupima. Panga michoro ya storibodi kwenye programu ya kuhariri, kila mchoro ukae muda wake halisi, uweke na sauti za muda. Kwa fremu 24 kwa sekunde, dakika moja ni fremu 1,440. Ukiikata leo hupotezi kitu, ukiikata baada ya kuichora umetupa kazi ya wiki nyingi. Waonyeshe watu watatu wasioijua hadithi. Wewe tazama nyuso zao, uandike dakika wanapoguswa na dakika wanapogeuza macho. Wakianza kujipinda kati ya tatu na tano, binti ana vikwazo vingi mno hapo: ondoa kimoja, kisha uwaonyeshe wengine watatu.