Kuandika Muda wa Mashine ya Maji: Kutoka Dakika hadi Saa na Dakika

Kijitabu hiki ni kwa wahudumu wa mashine na watunza hesabu wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vile vinavyosimamiwa na RUWASA chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Kinahusu jambo moja: daftari lina dakika, lakini ubao wa matangazo unatakiwa usomwe na mwanakijiji yeyote.

Tuchukue mfano wa kisima chenye mashine ya dizeli katika kata ya Getanuwas, Hanang. Mhudumu ameandika kwamba Jumatatu mashine ilifanya kazi kwa dakika 135. Gawanya kwa 60: zinapatikana saa 2, zinabaki dakika 15. Kwenye ubao andika “saa 2 na dakika 15”. Usiandike 2.25, hata kama kikokotoo kimekuonyesha hivyo, kwa sababu msomaji ataona saa 2 na dakika 25. Atadhani mashine imekula mafuta ya dakika 10 ambazo haikufanya kazi, na mkutano wa kijiji utaanza kwa ugomvi usio na sababu.

Jumanne ni dakika 120. Hapa hakuna kinachobaki, kwa hiyo andika “saa 2” na uishie hapo. “Saa 2 na dakika 0” humfanya msomaji ajiulize kama kuna tarakimu iliyosahaulika. Jumatano ni dakika 45, hazifiki saa, basi andika “dakika 45” peke yake. Siku ambayo mashine haikuwashwa kabisa andika “dakika 0”, maana nafasi tupu haielezi kama mashine ililala au mhudumu hakuandika.

Usiongeze neno “kamili” kwenye muda. Saa mbili kamili ni asubuhi au usiku, na mtu atafikiri unatangaza wakati wa kufungua maji. Tangazo lisome: “Mashine imefanya kazi kwa muda wa saa 2.”

Wenye kompyuta au simu yenye Excel wanaweza kuacha fomula ifanye kazi hii. Dakika zikiwa kwenye seli B2, weka hii pembeni yake:

```
=IF(B2<60,"dakika "&B2,"saa "&INT(B2/60)&IF(MOD(B2,60)=0,""," na dakika "&MOD(B2,60)))
```

`INT` inatoa saa nzima na `MOD` inatoa dakika zinazobaki. Ukiona neno “dakika” bila namba mbele yake, B2 haijajazwa. Ukiona `#VALUE!`, kuna aliyeandika maneno pamoja na namba, kwa mfano “135 dk”. Futa maneno, acha namba.

Kosa linalosumbua zaidi hutoka kwenye mita ya saa iliyofungwa kwenye injini. Mita nyingi za aina hii huhesabu saa kwa sehemu za kumi, hivyo tarakimu ya mwisho ikipanda kwa moja zimepita dakika 6. Tuseme asubuhi ilisoma 412.6 na jioni 414.9. Tofauti ni 2.3, na ukizidisha kwa 60 unapata dakika 138, yaani saa 2 na dakika 18. Lakini kompyuta haihifadhi desimali kama hizo kwa ukamilifu. Inaweza kupata 137.9999999, na fomula ikatoa “saa 2 na dakika 17.9999999”. Ubaya huo huo huharibu saa nzima: dakika 119.9999999 hazitambuliki kuwa saa 2.

Dawa ni kukadiria dakika kabla ya kugawanya. Usomaji wa asubuhi ukiwa C2 na wa jioni D2, B2 iwe hivi:

```
=ROUND((D2-C2)*60,0)
```

Ukikadiria baada ya kugawanya, yaani zile dakika zinazobaki tu, unaweza kupata “saa 1 na dakika 60”. Ukikuta maandishi hayo popote, jua mpangilio umegeuzwa.

Jumla ya wiki nayo ifanywe kwa dakika. Tuseme siku saba zina 135, 120, 45, 180, 95, 60 na 150. Zote ni dakika 785, yaani saa 13 na dakika 5. Usijumlishe saa peke yake na dakika peke yake ukasahau kuhamisha, na usijaribu kujumlisha safu yenye maneno, kwani `SUM` itaruka maneno yote na kukupa sifuri.

Tunza safu ya dakika kwenye daftari hata baada ya kubandika tangazo. Mkaguzi akija, hiyo ndiyo atakayoihitaji.