Dola Haina Tribinali ya Kufilisika: Jinsi Kongo Ilivyojadiliana na Wadai Wake

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Goma na Kivu ya Kaskazini

Kijitabu hiki kinaeleza nini

Redio inapotangaza kwamba serikali imekopa, au kwamba deni limesamehewa, swali moja husikika Goma kila mara: kwa nini nchi isiseme tu kwamba imefilisika, deni likafutika, maisha yakaanza upya? Jibu limo katika historia ya Kongo yenyewe, tangu deni lilipoanza kuishinda nchi mwaka 1976 hadi liliposamehewa kwa sehemu kubwa mwaka 2010.

1. Kampuni ina mlango wa kutokea, dola haina

Kampuni ya Goma ikishindwa kulipa madeni, sheria ina njia yake. Tangu mwaka 2012 Kongo ni mwanachama wa OHADA, na sheria za umoja huo zinaongoza kufilisika kwa kampuni. Mwenye kampuni anakwenda tribinali ya biashara. Jaji anawazuia wadai wasiendelee kumkamata kila mmoja kwa wakati wake, anamteua msimamizi wa kuorodhesha mali na madeni, kisha kampuni inapewa mpango wa kulipa kidogo kidogo, au mali yake inauzwa na fedha kugawanywa kwa utaratibu. Mdai asiyeridhika na mgawo hawezi kujitenga na wengine, kwa sababu uamuzi wa jaji unawafunga wote.

Kwa dola hakuna jaji wa namna hiyo popote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Fedha la Kimataifa, tunalolijua hapa kama FMI, lilipendekeza utaratibu wa kisheria wa kushughulikia nchi zilizoshindwa kulipa. Mwaka 2003 pendekezo hilo liliwekwa kando, maana mataifa makubwa, Marekani ikiwa mbele, hayakuliunga mkono.

Rais anaweza kutangaza leo kwamba nchi haina kitu. Tangazo hilo halimzuii mdai hata mmoja kwenda mahakamani, wala halipunguzi deni hata dola moja. Dola pia haifungwi kama kampuni. Serikali huondoka, jina la nchi hubadilika, deni hubaki. Madeni ya Zaire ya Mobutu yalirithiwa na Kongo ya Laurent-Désiré Kabila, kisha ya Joseph Kabila.

2. Deni lilianzaje

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shaba ilikuwa na bei nzuri, na benki za nje zilikuwa zikitafuta wa kumkopesha. Zaire ilikopa kwa ajili ya miradi mikubwa. Mkubwa kuliko yote ulikuwa bwawa la Inga pamoja na laini ya umeme ya kilomita zipatazo 1,700 kwenda migodi ya Shaba, yaani Katanga. Vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hizo vilibaki gizani. Goma nayo haipati umeme kutoka Inga. Unaofika hapa hutoka hasa Ruzizi na katika mitambo ya Virunga, lakini deni la Inga lilikuwa la Wakongo wote.

Mwaka 1974 bei ya shaba ilianguka kwa zaidi ya nusu katika miezi michache, wakati mafuta yalikuwa yamepanda. Mwaka uliofuata vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia kuu ya kupeleka madini baharini. Mapato yakakauka, na riba ikaendelea kudaiwa. Fedha nyingine ziliishia mifukoni mwa wakubwa. Erwin Blumenthal, Mjerumani aliyewekwa na FMI ndani ya Benki ya Zaire mwaka 1978, aliandika ripoti iliyowaonya wadai kwamba hawangeona fedha zao. Waliendelea kukopesha, kwa kuwa katika miaka ya vita baridi Mobutu alikuwa rafiki wa nchi za Magharibi. Kwa hiyo kosa la deni hili lina wenyewe wawili: aliyekopa na aliyekopesha.

3. Miaka ya kutolipa

Mwaka 1976 Zaire ilikwenda kwa mara ya kwanza mbele ya Klabu ya Paris, meza ambapo serikali zinazodai hukaa pamoja na serikali inayodaiwa. Ilirudi huko mara nyingi hadi mwaka 1989. Kila safari tarehe za kulipa zilisogezwa mbele, lakini deni lenyewe halikukatwa kiasi cha kumwezesha mdaiwa kulibeba. Malipo yalisimama tena.

Katika miaka ya 1990 Zaire ilifanya hasa kile ambacho wengi wanakitamani: iliacha kulipa. Juni 1994 FMI ilisimamisha haki ya Zaire ya kupiga kura ndani ya shirika hilo. Mikopo ya Benki ya Dunia nayo ilikuwa imekatwa. Barabara na hospitali zilipooza huku kaunta ya deni ikiendelea kuhesabu.

Hesabu rahisi inaonyesha jinsi inavyokwenda. Chukua deni la dola 100 lenye riba ya asilimia 9 kwa mwaka, riba isiyolipwa ikiongezwa juu ya deni. Baada ya miaka 8 linakaribia dola 200, na baada ya 16 linakaribia 400, ingawa mdaiwa hajakopa tena hata senti. Kongo iliporudi Klabu ya Paris Septemba 2002, deni lililowekwa mezani lilikuwa dola bilioni 8.98. Kati ya hizo, bilioni 8.49 zilikuwa malimbikizo, yaani fedha ambazo tarehe yake ya kulipwa ilikuwa imepita, pamoja na riba za kuchelewa. Hizo ni karibu dola 95 katika kila 100.

4. Kurudi mezani, hatua kwa hatua

*Kusafisha malimbikizo ya mashirika.* FMI haikopeshi nchi iliyo na malimbikizo kwake. Juni 2002 Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini na Sweden ziliipa Kongo mkopo wa muda mfupi. Kongo ikaulipa kwa FMI, FMI ikatoa mkopo mpya wa masharti nafuu, na kwa huo wale wanne wakarudishiwa chao. Fedha zilizunguka tu, ila mlango ulifunguka.

*Kukubaliana na serikali nyingine.* Mwaka 2002 Klabu ya Paris ilitumia kanuni iitwayo masharti ya Naples. Kwa madeni ya kibiashara, katika kila dola 100 zilifutwa 67, na 33 zilizobaki zikapangwa kulipwa kwa miaka 23, sita ya kwanza ikiwa ya kupumua. Kanuni nyingine iliambatana nayo: mdaiwa asimpe mdai wa nje ya klabu masharti mazuri kuliko hayo. Hakuna anayekubali kupoteza 67 ili jirani yake alipwe 100.

*Kuingia mpango wa PPTE.* Julai 2003 Kongo ilikubaliwa katika mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Msamaha kamili ungekuja baada ya kutimiza masharti, hasa ya usimamizi wa bajeti. Mwaka 2006 programu na FMI ilikwama. Kisha ukaja mkataba wa Sicomines na kampuni za Kichina, madini kwa miundombinu, wenye thamani ya dola zipatazo bilioni 9. Wadai wa zamani waliuliza: tunasamehe vipi, wakati deni jipya kubwa linabebwa na dhamana ya serikali? Oktoba 2009 mkataba ukapunguzwa hadi bilioni 6 hivi, na mazungumzo yakaendelea.

*Msamaha.* Tarehe 1 Julai 2010 FMI na Benki ya Dunia zilitangaza kwamba Kongo imefika mwisho wa mpango. Nafuu yote ilikadiriwa kuwa dola bilioni 12.3. Novemba mwaka huohuo Klabu ya Paris ilifuta bilioni 7.35.

Hakuna gari lililoshusha fedha Kinshasa siku hiyo. Sehemu kubwa ya deni hilo isingelipwa kamwe. Faida halisi ilikuwa malipo ya kila mwaka kupungua na milango ya mikopo nafuu kufunguka.

5. Mdai aliyekataa kukaa mezani

Makubaliano ya Klabu ya Paris yanawafunga wanachama wake tu. Mdai binafsi anaweza kubaki nje, akangoja nchi ipate nafuu, kisha akadai chote.

Kampuni ya Energoinvest ya Sarajevo ilikuwa imejenga mitambo na laini za umeme nchini kwa mkopo. Mwaka 2003 wasuluhishi wa kimataifa waliamua ilipwe dola zipatazo milioni 30, mbali na riba. Energoinvest iliuza haki hiyo kwa FG Hemisphere, kampuni ya Marekani ya aina inayoitwa tumbusi, kwa sababu hununua madeni yaliyochakaa na kuyafukuzia. Riba ililifikisha dai hilo zaidi ya dola milioni 100.

Mahakama ya Washington iliitoza Kongo faini ya kila wiki kwa kutotaja mali zake. Hong Kong, kampuni hiyo ilitaka kukamata fedha ambazo Wachina walipaswa kulipa kwa ajili ya migodi. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya huko ilikataa, ikisema dola ya kigeni haishtakiwi kwake. Kisiwani Jersey ilikamata mali ya Gécamines, ikashinda ngazi mbili za mahakama, na ikashindwa Julai 2012 mbele ya majaji wa mwisho jijini London, walioamua kwamba Gécamines si serikali yenyewe.

Kongo iliponea hapo, lakini baada ya miaka ya kulipa mawakili katika mabara matatu. Kama wadai wake wote wangefanya hivyo, kila shehena ya shaba na kila akaunti ya nje ingekuwa hatarini. Ndiyo sababu nchi hukubali mazungumzo marefu yenye masharti: deni lililokatwa kwa saini ya mdai halirudi tena mahakamani.

6. Mazungumzo nayo yana kasoro

Yanachelewa mno. Zambia iliacha kulipa Novemba 2020, ikakubaliana na serikali zinazoidai Juni 2023, na wenye hati zake za mkopo wakafuata mwaka 2024. Katika muda wote huo anayelipia ni mwananchi, kwa dawa zinazokosekana na mishahara ya walimu isiyofika. Pia hakuna anayechunguza kama mkopo wa zamani ulitolewa kwa uaminifu. Fedha zilizoibwa enzi za Mobutu zilihesabiwa sawa na zile zilizojenga bwawa.

Maswali ya kumwuliza mbunge wako

Katiba inalipa Bunge jukumu la kudhibiti fedha za umma. Serikali inapotangaza mkopo mpya, muulize mbunge: Tunamkopa nani, kwa riba gani, kwa miaka mingapi? Dhamana ni nini, na je, ni madini ambayo bado hayajachimbwa? Bei ya shaba na kobalti ikianguka, tutalipa kwa nini? Mkataba unaruhusu mdai kumwuzia mwingine haki yake? Mgogoro utaamuliwa na mahakama ya nchi gani?

Yaulize kabla ya saini. Baada ya saini, mdai ndiye anayeuliza maswali.