Bima Ikikaribia Kwisha Mgonjwa Akiwa Wodini

Siku za kulazwa zilizoidhinishwa na bima zisipotosha, hospitali huiandikia kampuni ya bima kuomba nyongeza kabla hazijaisha.

Chukua mfano wa mgonjwa wa nimonia aliyeidhinishiwa siku 4. Siku ya 3, daktari akiandika tu “bado ni mgonjwa”, ombi linaweza kukataliwa. Barua yenye uzito husema hivi:

“Alipolazwa joto lilikuwa nyuzi 39.5, leo ni 38.2. Akitolewa oksijeni, kiwango chake katika damu hushuka hadi asilimia 86. Bado anapewa dawa kupitia mshipa. Tunaomba siku 3 zaidi. Ataruhusiwa kwenda nyumbani akipumua vizuri bila oksijeni, homa ikiisha na akianza kumeza dawa.”

Joto linaonyesha matibabu yanafanya kazi. Oksijeni inaonyesha kwa nini hawezi kuuguzwa nyumbani. Masharti ya kuruhusiwa yanaeleza zile siku 3 ni za nini.

Jamaa wa mgonjwa, uliza mapema katika dawati la bima hospitalini kama barua imetumwa na kama jibu la maandishi limefika. Siku zisizoidhinishwa huenda mkazilipa wenyewe.