Dondoo muhimu: Kikumbusho kati ya Lubumbashi, Kinshasa na Brussels

Lubumbashi haibadilishi saa: iko UTC+2 mwaka mzima, na Kinshasa UTC+1. Ubelgiji hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

- Amua kikumbusho kinafuata saa ya nani. Unaishi Brussels na kila Jumapili saa 19:00 unampigia mama aliye Lubumbashi? Kwenye kalenda, chagua ukanda wa `Africa/Lubumbashi`. Kiangazi simu yako itakukumbusha saa 19:00, majira ya baridi saa 18:00. Ukichagua `Europe/Brussels`, kuanzia mwisho wa Oktoba mama atapigiwa saa 20:00.

- Kengele ya simu hufuata mahali ulipo. Ukisafiri kwenda Kinshasa, kengele ya saa 7:00 italia saa 7:00 ya huko, yaani saa 8:00 ya Lubumbashi. Kwa kuamka haina shida. Kwa dawa yenye saa maalumu, muulize mfamasia kabla ya safari.

- Hakiki mapema. Ukiwa Brussels, fungua kalenda ya Novemba, kisha ya Aprili. Ukiona 18:00 halafu 19:00, umepanga sawa.