Ujumbe kwa mwenzako anayechelewa kazi ya wawili

Stoo ya jumla niliyowahi kuwa mhasibu wake ilihesabiwa siku ya mwisho ya kazi kila mwezi. Kuhesabu stoo ni kazi ya wawili: mmoja anataja idadi, mwingine anaandika. Funguo alikuwa nazo mtunza stoo, kaka aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi. Tulipatana saa mbili kamili asubuhi, tukawa tunaanza saa tatu na kitu. Saa nne lori la kwanza linaingia kupakia, na saa tisa alasiri mhasibu mkuu anataka ripoti mezani kwake. Kazi yenyewe inakula saa mbili nzima. Piga hesabu mwenyewe.

Ujumbe wa kwanza niliomwandikia, nashukuru sikuutuma. Ulisema: "Kaka leo tena? Na sisi wengine tuna kazi zetu." Ujumbe wa namna hiyo unampa mwenzako kazi moja tu, kujitetea. Atajibu "foleni", nawe huna la kusema, kwa sababu foleni ipo kweli. Mbaya zaidi ni kulitupa jambo kwenye kundi la ofisi kwa mafumbo, "wanaojijua wajirekebishe". Anayejijua atanuna, na wasiohusika watabaki wanaulizana nani kasemwa.

Kabla ya kuandika tena nilifanya jambo moja: nilitoa karatasi za kuhesabia za miezi mitatu. Juu ya kila karatasi nilikuwa na mazoea ya kuandika saa tuliyoanza. Saa tatu na robo, saa tatu na dakika tano, saa tatu na dakika ishirini. Mitatu inatosha. Ukileta orodha ya mwaka mzima, mwenzako ataona ulikuwa unamwekea daftari, na mazungumzo yatahamia kwenye daftari hilo.

Halafu tafuta hasara moja inayoonekana, ambayo naye aliiona. Yangu ilikuwa sabuni. Mwezi wa tatu, lori lilipakia katoni 40 kabla hatujafika kwenye rafu yake. Leja ilisema 160, sisi tukahesabu 120, na hati ya kutolea mzigo ilikuwa bado haijaingizwa kwenye leja. Nikazitafuta katoni 40 stoo nzima, kumbe ziko barabarani. Ripoti ya saa tisa ilitoka saa kumi na mbili jioni, na aliyeulizwa ni mimi.

Siku ya kutuma nayo ina maana yake. Usitume asubuhi ileile ukiwa umesimama nje ya mlango uliofungwa. Vidole vitaandika hasira. Usitume pia jioni ya kuamkia kazi, maana hana tena nafasi ya kupanga lolote. Mimi nilituma Jumanne kwa hesabu ya Ijumaa, kwake peke yake, baada ya chakula cha mchana:

"Shikamoo kaka. Naomba tuzungumze kuhusu hesabu ya stoo ya Ijumaa. Miezi mitatu hii tulipatana saa mbili asubuhi, tukaanza baada ya saa tatu, na lori likaingia hatujamaliza. Mwezi uliopita zile katoni 40 za sabuni zilitoka katikati ya hesabu, nikazitafuta na ripoti ikachelewa kwa saa tatu. Ijumaa naomba saa mbili na robo stoo iwe imefunguliwa na tumeanza kuhesabu. Kama saa hiyo ni ngumu kwako, niambie kesho tupange vingine, labda rafu za nyuma tuzihesabu Alhamisi jioni."

Tazama kilichomo. Salamu ni ile ninayompa kila siku. Ningeiacha, angejua nimekasirika kabla hajasoma neno la pili. Hakuna "kila siku" wala "wewe huwa", kwa sababu maneno hayo ni rahisi kuyakanusha: anakumbuka siku moja aliyowahi na hoja yako imeanguka. Hakuna bosi ndani yake. Wala hakuna "samahani kwa usumbufu", maneno ambayo sisi huyabandika hata pale tuliposumbuliwa sisi.

Lililonisaidia kuliko yote ni kueleza saa mbili na robo maana yake nini. Kwa mwenzangu, saa mbili ilikuwa saa ya kufika getini. Baada ya hapo kuna kusalimiana, chai na chapati, kutafuta kalamu. Kwangu ilikuwa saa ya kutaja katoni ya kwanza. Sote wawili tulikuwa tunasema kweli, na dakika 30 zilikuwa zinapotelea hapo kila mwezi. Kwa hiyo taja kitendo, "tumeanza kuhesabu", usitaje kufika. Na saa iandike kwa maneno: ukiandika 8:00, mmoja anasoma saa mbili asubuhi na mwingine saa nane mchana.

Pendekezo la mwisho nalo usilidharau. Mtu akipewa njia ya pili, hulazimika kusema kinachomzuia. Mwenzangu alinipigia simu badala ya kujibu. Kumbe tangu Januari ndiye anayempeleka mtoto shule, na geti la shule halifunguliwi kabla ya saa moja na nusu. Kutoka pale hadi kazini ni daladala mbili. Saa mbili na robo isingewezekana hata angekimbia. Tukakubaliana Alhamisi saa kumi, mzigo wa mwisho ukishatoka, tuhesabu rafu za nyuma, halafu Ijumaa tuanze saa tatu kamili na zile za mbele tu. Ijumaa hiyo tulimaliza saa nne kasoro dakika kumi. Dereva wa lori alikuta tunafunga karatasi.

Si wote watakupigia simu. Wengi watajibu "poa" au kidole gumba. Hayo si makubaliano. Maana yake ni kwamba ameona. Rudisha swali dogo lenye jibu moja: "Kwa hiyo funguo utakuja nazo Ijumaa asubuhi, au uniachie Alhamisi?" Akilijibu hilo, amekubali.

Akichelewa tena baada ya kukubali, mwandikie mara ya pili, mistari miwili, siku hiyohiyo jioni: tulipatana hivi, tumeanza saa hii, mwezi ujao tufanyeje? Ya tatu ni ya msimamizi, na hapo omba mpango ubadilishwe, usiombe mtu aadhibiwe. Kwa mfano: "Hesabu ya stoo inagongana na lori la saa nne. Naomba lori lisogezwe hadi saa tano siku ya mwisho wa mwezi, au nipewe mtu wa pili wa kuandika." Msimamizi anaweza kutekeleza hilo leo. Ukimwambia "Fulani anachelewa", atakwambia mkazungumze wenyewe, nanyi mlishazungumza.

Mwenzako aujue ujumbe huo kabla haujaenda. Mwambie uso kwa uso, si kwa simu, na mwulize kama kuna neno angependa liongezwe. Mtunza stoo mwingine niliyefanya naye kazi baadaye aliniomba niongeze kwamba funguo ziwe seti mbili. Nikaongeza, na seti ya pili ikatengenezwa wiki hiyo.